Abiria Anashukia kwa Mwanawe

Benchi lile liko ubavuni mwa duka la kinyozi, mkabala na kituo cha basi. Jioni hiyo mwenye duka, Kinyozi, alikuwa amewasomea wenzake kichekesho alichokiandika kwa ajili ya sherehe ya mtaa. Konda angechezwa na yeye mwenyewe. Abiria aliyechanganyikiwa angechezwa na Mshonaji, ambaye hakuwa amefika bado. Alichowaficha ni kimoja: abiria yule alikuwa mama yake mzazi. Juzi, konda wa kweli alimshusha pale kituoni huku akiuliza ni mama wa nani. Benchi lilicheka, naye akacheka nalo. Alisubiri wenzake wageukie jambo jingine, ndipo akamfuata kwa kuzunguka nyuma ya maduka, akamwingiza dukani kwake kwa mlango wa nyuma.

— Rudia pale mwanzo, alisema Jaji, anayepewa jina hilo kwa kukata kesi asizoletewa.

Kinyozi akasoma:

KONDA: Mama, unashukia wapi?
ABIRIA: Kwa mwanangu.
KONDA: Kituo gani?
ABIRIA: Kile anachosimama yeye.
KONDA: Jamani, nani mtoto wa huyu mama?
(Kijana wa kiti cha nyuma anasimama ili ashuke.)
ABIRIA: Ndiye huyu! Umekonda, baba.

— Hapo kijana anamkana, alisema Kinyozi. Abiria wengine wanamjia juu: humtambui mama yako? Basi zima linamgeuka, konda anaambiwa arudishe gari.

— Konda azidi kupiga kelele, alisema Fundi Redio. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Inahusu nini hiyo?

— Si viti vina uvungu?

— Konda akipiga kelele mapema, mwishoni atapandia wapi? alisema Kinyozi. Aanze kwa adabu, apandishe kidogo kidogo. Na mama asijue kwamba anachekesha. Kila jibu lake, kwake yeye, ni la kweli.

Akajisikia akilisema hilo, akainamia karatasi yake.

— Mie ningemalizia na polisi, alisema Fundi Redio. Kijana anakamatwa kwa kumkana mama.

— Polisi ni jambo dogo, alisema Jaji. Dereva ageuke, mama amtambue: kumbe ndiye mume aliyemtoroka. Harusi inafungwa upya humo humo ndani ya basi. Damu nzito kuliko maji.

— Mume na mke wana damu gani, Jaji? aliuliza Kinyozi.

— Kesi imefungwa.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mshonaji akafika, tepu ya kupimia shingoni, akachukua karatasi na kusoma akiwa amesimama. Hakucheka.

— Nitamcheza, kaka. Ila nina swali moja. Konda anapouliza mama ni wa nani, mwanawe wa kweli yuko wapi?

— Si lazima awepo, alisema Fundi Redio.

— Mama anamtafuta mwanzo hadi mwisho. Nikisimama pale jukwaani, macho yangu niyaelekeze wapi?

Wakamgeukia mwandishi.

Kinyozi alitazama kikombe chake, kama alivyokitazama juzi konda alipouliza. Ndani ya duka, nyuma ya pazia, mama yake alikohoa, kisha akaita jina lake la utotoni, taratibu, kama mtu asiye na hakika kwamba amefika.

Safari hii benchi zima lilisikia.