Togwa ya Juzi

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, mnivumilie nikitembeatembea. Kukaa kumenishinda tangu asubuhi. Nitawasomea nilichoandika leo kwenye daftari langu, maana nikiongea bila kusoma nitajipamba.

Leo natimiza mwaka bila pombe, na sijui nifurahi vipi.

Nilikunywa kila siku kwa miaka mingi, kuanzia asubuhi. Siku moja aibu ikanikaba, nikaenda shambani Mngeta kuacha peke yangu. Nawaambia, huo ulikuwa ujinga. Siku ya kwanza mikono ilitetemeka, jasho likanitoka. Ya pili nikaona siafu ukutani, kumbe hawapo, kisha nikaanguka kifafa. Jirani akasema nimerogwa. Mke wangu, aliyekuwa amenifuata huko, akamjibu, "Nani apoteze dawa yake kumroga mlevi? Tafuteni bajaji."

Hospitali Ifakara daktari akaeleza kwamba mwili uliozoea pombe kila siku, ukikatiwa ghafla, unaweza kufa. Wakanilaza, wakanichoma sindano za vitamini, wakanipa vidonge vya kutuliza, wakivipunguza siku hadi siku. Nilipotoka nikaja kwenu, kwenye kikundi hiki cha walioacha pombe.

Mavuno yakafika, nikaanza kuhangaika. Mnajua kwetu, ukiita majirani wakuvunie mpunga, unawapikia pombe. Mimi nikatangaza wali kwa samaki, na togwa, kinywaji cha nafaka kisicholevya. Wengi walinicheka, wachache wakaja.

Siku ya tatu ya kuvuna, kiu imenishika, nikachota togwa kwenye ndoo ya pembeni. Nikapiga funda, nikameza. Ilikuwa imeshachacha, imekuwa pombe.

Jamani, mwili mzima uliamka. Nikajiambia, hii ni togwa tu, hata watoto wanakunywa. Nikachota tena. Kikombe kikiwa mkononi nikamwita mke wangu, mimi niliyemficha kila kitu miaka yote.

"Mama, hebu onja."

Akaonja. "Hii ni ya juzi. Umekunywa?"

"Funda moja."

Hakunigombeza. Aliimwaga ndoo nzima mbele ya wavunaji, nao wakaguna. Nikampigia mlezi wangu wa hapa kikundini. Akasema, "Kaa kwenye simu, tuongee habari za mpunga." Hamu ilipanda, ikakaa kama nusu saa, ikashuka. Nikarudi kuvuna.

Basi sijui kama mwaka huu mtauhesabu. Mimi nimeuandika pamoja na lile funda, kwa sababu nikilifuta nitaanza tena kuficha, na kwangu kuficha ndiko kulikotangulia pombe.

Namshukuru mke wangu, na mlezi wangu, na wale wauguzi, na majirani waliokuja kuvuna kwa wali bila pombe. Nanyi mnaokunywa kila siku, msiache porini peke yenu. Nendeni hospitali kwanza. Na ukiteleza, sema kikombe kikiwa bado mkononi.

Mniombee. Hata sasa nasimama hapa naitamani pombe, ndiyo maana nimewahi kuja.