Mama Vyumba na Pengo la Herufi Tano

Tarehe thelathini ya mwezi huu Mama Vyumba anastaafu, baada ya kulitumikia gazeti letu kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka yote hiyo ametunga chemshabongo ya maneno ya ukurasa wa kumi na sita, ukiacha wiki chache ambazo nitazieleza mbele, maana bila wiki hizo mtu hawezi kusema anamjua.

Wageni huuliza jina hilo limetoka wapi. Mwenzetu huyu hajawahi kuita kisanduku kisanduku. Kwake kila kiraba ni chumba, kila herufi ni mpangaji, na pale neno la mlalo linapokutana na neno la wima, hapo pana mlango. Alizungumza hivyo kutwa nzima kwenye simu, kwa sauti ambayo haikuwahi kusumbuliwa na haya. Mlinzi wa getini akasikia mara nyingi mno. Siku moja akampandishia ghorofani kijana na begi lake, eti yule mama wa vyumba yuko juu, kapatane naye kodi. Mama Vyumba alimkalisha, akampa chai, akampigia simu dada yake mwenye nyumba ya kupangisha. Kijana alipata chumba siku ileile. Sisi tukapata jina, na halikumtoka tena.

Kazi yenyewe wengi wetu tuliichukulia poa. Ukimwona na penseli yake na kifutio kilicholika upande mmoja, utadhani anajipumzisha. Ubingwa wake ulikuwa katika vidokezo vya kujaza pengo: unapewa msemo uliokatwa neno moja, idadi ya herufi kwenye mabano, basi, kazi kwako. "Jipige moyo _____ (5)." Hapo hata aliyeamka sasa hivi anaandika KONDE, na Mama Vyumba alikuwekea hicho makusudi, ili upate herufi tano za kuanzia safari. Kisha anakuletea "Kula _____ (5)." Sasa ni NJAMA au KIAPO? Yote yana herufi tano, na yote yana A katikati, kwa hiyo ukipata hiyo A usishangilie, haijakusaidia kitu. Inabidi uende kwenye maneno ya wima. Ukirudi na J katika chumba cha pili, ni njama. Ukirudi na I, umeapa.

Alikuwa akituambia kwamba katika Kiswahili herufi ya mwisho ni shahidi dhaifu. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na irabu ziko tano tu, kwa hiyo kumpa msomaji A ya mwisho ni kama kumwambia kwamba mtu unayemtafuta ana pua. Mlango wa maana uwe kwenye konsonanti, hasa ya kwanza. Alishikilia pia kwamba CH inakaa vyumba viwili hata ikilalamika, na kwamba kile kikoma cha NG'OA hakipewi chumba kwa sababu hakina mzigo. Kuna msomaji alibishana naye kuhusu kikoma hicho mpaka wakawa marafiki.

Mwaka fulani alipougua, mwandishi wetu wa michezo alijitolea kumshikia nafasi. Akatunga kwa mbwembwe: "Piga ____ (4)." Tulimpelekea Mama Vyumba karatasi kitandani aihakiki. Karatasi ilirudi na maandishi pembeni: pasi, simu, deki, hodi, kura, teke, kofi, mbio, na chini yake swali, je, mwanangu, ulitaka nipige lipi? Mwandishi wa michezo alirudi kwenye mpira wake akiwa mnyenyekevu kwa karibu wiki nzima.

Sasa nije kwenye wiki zile.

Mhariri mkuu wa wakati huo hakuipenda chemshabongo. Aliona inakula nafasi ya matangazo na kuzaa malalamiko, na alikwisha kumwambia Mama Vyumba mbele yetu kwamba lalamiko moja zaidi likithibitika, ukurasa unafungwa. Mama Vyumba alikuwa na watoto wawili shuleni na hakuna dawati jingine alilolitaka duniani. Sisi wapangaji wa kurasa tulimwonea huruma, lakini huruma ya mpangaji wa kurasa haina saini.

Wiki hiyo alikuwa amejenga kona nzuri chini kushoto. Kidokezo kilisema: "Aliposhindwa kesi, mkulima alikata _____ (5)." Mwenye pupa angekimbilia RUFAA. Lakini chumba cha kwanza kilianzisha neno lililoshuka chini na T, na cha tatu kilianzisha jingine na M, kwa hiyo mwenye pupa angekwama, afute, aandike TAMAA. Mitego ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa sukari yake: unakosea, halafu milango yenyewe inakurekebisha taratibu, bila mtu kukugombeza.

Jioni likaingia tangazo la magodoro. Kubwa, la haraka, na lilitaka upande wa chini wa ukurasa. Safu zote zilizokuwa chini ya neno lile zikakatwa, na yale maneno mawili yaliyoshuka kutoka T na M yakaenda nazo. Yakabaki maneno mawili yaliyotoka juu na kuishia kwenye A ya nne na A ya tano. Mama Vyumba alipanga namba upya mbiombio, akahakikisha kila neno lililobaki ni zima. Alihesabu vyumba, hakuhesabu milango. Msomaji akabaki na matundu matatu na A mbili, wale mashahidi dhaifu, na tamaa na rufaa zote zikaingia bila kugusa ukuta.

Wiki iliyofuata tulichapa jibu: TAMAA. Mshindi akapata jina lake gazetini na kamusi nene.

Siku ya pili yake akaja fundi cherehani mmoja, utepe wa kupimia ungali shingoni, gazeti mkononi. Tulidhani anataka kamusi. Akasema kamusi tukae nayo. Alikuwa ameshindwa kesi ya chumba anachoshonea, na wiki ile ya chemshabongo alikuwa hajui afanye nini, nyumbani kila mtu anamshauri aachane na mambo ya mahakama. Akakutana na pengo letu. Akajaribu neno, likaingia. Akaliandika kwa wino, RUFAA, na asubuhi akaenda kweli kuikata. Sasa gazeti linamwambia jibu sahihi lilikuwa tamaa, na shemeji yake amelibandika ukutani kumcheka. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu: nani aliamua, na kwa herufi gani?

Mama Vyumba alilichukua gazeti, akapitisha penseli kwenye kiraba cha kwanza, cha pili, cha tatu, akitafuta mlango. Hakuupata. Macho yakamjaa machozi palepale, na hakuyaficha. Akamwambia fundi kwamba jibu lake ni sahihi, na kwamba litasemwa pale pale liliposemwa lile la kwanza.

Mhariri mkuu alimwita ndani. Mlango wake ulikuwa mwembamba, kwa hiyo nasema ninachokijua. Alimkumbusha kwamba mwisho wa kila chemshabongo tunaandika kuwa uamuzi wetu ni wa mwisho, kwamba aliyelalamika ni mmoja tu, tena amekwishaondoka, na kwamba akichapa masahihisho atakuwa ameufunga ukurasa kwa mkono wake mwenyewe. Mama Vyumba alimjibu kwamba wasomaji huamini mtu asiyewaona, wanamjazia mapengo yake kila wiki kwa imani kwamba kuna njia ya haki ya kufika kwenye jibu. Safari hii njia haikuwapo. Akatoka, akakaa, akachora ile kona upya ikiwa na matundu yake matatu, akaandika chini yake kwamba tamaa inaingia, rufaa inaingia, kosa ni la mtunzi.

Yalichapwa. Na mhariri mkuu, ambaye kwa kuahirisha mambo alikuwa hodari, hili hakuliahirisha. Chemshabongo ikaondolewa, Mama Vyumba akahamishiwa matangazo madogo madogo, nafasi yake wakapewa watu wa magodoro, ukurasa mzima. Alikuja kazini kila siku, akatusalimia wote, akaandika habari za friji zilizotumika. Sijawahi kumwona mtu akiwa mpole kwa kulazimishwa kiasi kile.

Aliyemrudisha ni mwenye magodoro. Wiki ya nne alipanda ngazi akihema, akauliza kwa hasira chemshabongo imekwenda wapi. Kumbe yeye alikuwa ameomba upande ule kwa hesabu zake: mtu akijaza mapengo anashika ukurasa siku mbili, tatu, anaugeuza, anaulalia, na godoro liko hapo hapo linamwangalia. Tangu chemshabongo iondoke, watu walikuwa wanafungia vitu kwa ukurasa wake. Akasema visanduku visiporudi, na yeye anakwenda kutangaza kwingine. Vilirudi Ijumaa hiyo, na safu zote za chini.

Mama Vyumba alirudi na sharti moja, na ndilo limetufaa hadi leo: kila chemshabongo ijaribiwe na mtu wa nje kabla ya kuchapwa, na mtu huyo awe yule fundi cherehani. Tangu hapo kila Jumatano karatasi imepelekwa kwenye cherehani ile, katika chumba kilekile, maana rufaa yake ilisikilizwa akashinda. Anajaza kwa wino, kisha anapiga simu. Tukisikia Mama Vyumba anasema "Ehe, na wapi tena?" tunajua kuna pengo limeonekana lina majibu mawili, na penseli inaanza kazi. Leo, katika sherehe hii ya kumuaga, fundi yuko safu ya mbele, na gauni alilovaa mstaafu wetu ni la mkono wake.

Mama Vyumba, umetulea, umetucheka, umetufundisha kwamba hata kiraba kidogo kina mtu upande wa pili. Tunakushukuru sana, na hatuoni aibu kusema tutakulilia. Chemshabongo ya Ijumaa hii tumeitunga sisi, kwa siri, na kuipitisha kwa fundi kama sheria yako inavyotaka. Kidokezo cha mwisho kinasema: "Wenzako wanakutakia maisha ______ (6)." Milango ni miwili tu, inakupa M na A za mwanzo, vyumba vinne vilivyobaki havina shahidi. Fundi alipiga simu mara moja kutuonya kwamba hapo panaingia MAREFU na panaingia MAZURI pia. Tulimjibu kwamba tunajua, na tumekuachia wewe. Penseli na kifutio vibaki kwenye droo yako ya zamani. Andika kwa wino, mama, neno lolote kati ya hayo, na sisi tutachapa kwamba ni sahihi.