Mpya wa Miaka Sita

Kijiwe chetu cha kahawa kiko nyuma ya stendi ya Bagamoyo, na Jumatano hii kilikuwa na wafanyakazi wawili wa kiwanda kimoja cha kukausha mananasi, wote mapumzikoni. Sufiani, tunayemwita Kudumu, yuko likizo ya siku ishirini na nane na mshahara unaingia. Yunus, tunayemwita Mpya, mkataba wake wa miezi mitatu umekwisha, kaambiwa akae nyumbani wiki mbili bila senti kisha aje asaini tena. Kasaini hivyo miaka sita. Mashine ya kukatia wanaendesha ileile, mmoja zamu ya asubuhi, mwingine ya jioni. Nami nilikaa katikati yao, mahali pabaya kabisa.

— Mwinshehe, mmiminie Mpya, nalipa mimi, alisema Kudumu.

— Yangu najilipia.

— Sina ubaya, ndugu yangu.

— Najua. Una bima.

Mzee Ramadhan, tarishi mstaafu wa mahakama tunayemwita Wakili, akakohoa.

— Mpya, mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu zinapanda meli, mzee. Sisi tunabaki na maganda.

— Lakini kwa nini asaini upya kila mara? aliuliza Mwinshehe muuza kahawa, birika mkononi.

— Akiunganisha miezi sita ataanza kudai likizo, alisema Kudumu. Wiki mbili zile zinakata hesabu. Akirudi ni mgeni.

— Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Wakili. Mpya anapewa jembe siku ya kwanza. Heshima hiyo.

— Heshima ya nusu ya mshahara wa Kudumu huyu, alisema Mpya.

— Sikiliza sheria, alisema Wakili. Binadamu akikaa wiki mbili bila kazi, damu yote inabadilika. Anayerudi ni mtu mwingine. Mpya huyu ni wa ishirini na moja.

— Basi mke wangu Wahida ana waume ishirini na mmoja.

— Na eda hajakaa hata moja, alisema Mwinshehe.

Tulicheka, Mpya naye, ingawa Jumatatu ndiyo siku yake ya kusaini na kodi ya nyumba inamsubiri. Pembeni alikaa abiria mmoja wa Lugoba, anangoja gari. Akaweka kikombe chini.

— Samahanini. Mashine moja, waendeshaji wawili, wote mko hapa. Leo nani anakata mananasi?

— Adamu, alisema Mpya. Kibarua. Niliambiwa nimfundishe kabla sijatoka. Siku mbili tu akashika.

— Zamu ipi?

— Zote mbili.

— Sasa kama anaziweza zote, ninyi mnarudi kufanya nini?

Mwinshehe akatikisa birika, kahawa imekwisha. Kudumu akanigusa bega, akaniomba nisogee, akaenda kukaa karibu na Mpya.

— Siku mbili tu? alimwuliza kwa sauti ya chini.