Fimbo Sita na Kiti cha Mbele

Kijiwe chetu kipo Sumbawanga mjini, kwenye kona ya kwenda sokoni, benchi limeegemea ukuta wa duka la pembejeo. Upepo wa huku juu haubishi hodi, kwa hiyo kahawa tunainywa na makoti mwilini. Anayemimina ni Fabiani, mwenye birika na maoni. Adriano tunamwita Mizani kwa sababu ananunua mahindi na haamini uzito wa kitu chochote, hata wa neno. Sadoki ni Kanuni. Alistaafu ukarani, lakini methali hazijamstaafisha. Mimi wananiita Pasipoti. Nilipika miaka mingi kwenye hoteli za Zambia, nikarudi na mgongo mbovu, ujuzi wa kukaanga mayai, na pakiti ya karata za taroti, zile za picha za kuagulia, ambazo mgeni mmoja alinifundisha kuzisoma wakati wa mvua. Hivyo ndivyo nilivyotajirika ughaibuni.

Jana jioni alikuja Anyitike, bwana shamba wetu kutoka Mbeya, ameng'arisha viatu. Habari tulikuwa nazo: ametangazwa kukaimu ukuu wa idara ya kilimo. Shamba darasa lao la Mpui, mahindi yaliyopandwa kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo ya kufukia majani yaoze, lilishinda kwenye maonyesho ya Nane Nane. Picha ya Anyitike na kikombe imezunguka kwenye simu zote za mkoa. Tukampa mikono, Fabiani akammiminia kahawa ya bure, jambo ambalo halijawahi kunipata mimi.

Alipokaa akatueleza kinachomkosesha raha. Shamba lile alilishughulikia na maofisa wenzake watano, na wote watano walikitaka kiti hichohicho. Walivutana miezi mingi. Sasa wako chini yake. Kesho wakulima wa Mpui wanampokea kwa ngoma, na yeye amemwagiza dereva amchukue peke yake. Wale watano wafuate na pikipiki zao. Mkuu akizoeleka siku ya kwanza, alisema, ya pili hasikilizwi. Kukaimu ni miezi sita, kisha wakubwa wataangalia idara imefanya nini ndipo wamthibitishe au wamrudishe alikotoka.

— Kaka Pasipoti, hebu nitolee karata. Niulizie kama nitathibitishwa.

Nikamwambia hilo karata haziliwezi. Aulize jambo lililo mikononi mwake. Akafikiri, akasema basi: niingieje kwenye nafasi hii? Hilo linasomeka. Nikampa pakiti achanganye huku akiliwaza swali, akakata kwa mkono wa kushoto, akavuta moja. Nikaigeuza juu ya benchi.

Fimbo Sita, imesimama wima.

Ni picha ya mtu juu ya farasi mweupe. Kichwani ana taji la majani, mkononi fimbo ndefu iliyofungwa taji jingine. Pembeni wanatembea watu kwa miguu na fimbo tano zimeinuliwa juu. Anyitike alijiona pale pale, nikaona mabega yanapanda.

— Huyo ni mimi, akasema.

— Punguza kidogo, alisema Mizani. Farasi mwenyewe simwamini. Tazama hilo shuka la kijani, limemfunika mpaka magotini. Humo ndani kuna watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma.

Kanuni alipinga. Farasi amefunikwa kwa sababu ya jua, na wahenga walishasema, mchumia juani hulia kivulini. Tukamwacha, maana ukimsahihisha analeta nyingine. Fabiani yeye aliinama na birika lake akagundua kuwa fimbo zimechipua majani. Basi ni mbichi, akasema, zimekatwa juzi, na huyo bwana hakuna anayemshangilia, anapelekwa na watu wa maliasili kujibu kesi ya msitu. Mizani akaona hiyo ndiyo tafsiri nzito kuliko zote. Kanuni akamalizia kwamba haba na haba hujaza farasi.

Nikawaomba wanipishe nifanye kazi yangu. Fimbo, nilisema, ndizo karata za moto: kazi, ari, kujituma. Majani yanayochipua ni uhai wa ile kazi. Sita ni ushindi unaoonekana hadharani: umepandishwa cheo, watu wamejua, na si haya kufurahi. Ingetoka kichwa chini tungezungumza sifa zinazochelewa, au kiburi kinachomwangusha mtu. Haikutoka hivyo.

— Kwa hiyo ni nzuri, alisema Anyitike.

— Ni nzuri, mdogo wangu. Lakini haisimami peke yake.

Nikachambua pakiti nikaweka mbili kando yake. Kushoto, Fimbo Tano: vijana watano wanagongana fimbo, kila mmoja kivyake, hakuna anayejenga kitu. Kulia, Fimbo Saba: mtu mmoja yuko juu ya kilima, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, na kutoka chini zinamjia fimbo sita. Sita iko katikati. Umetoka kwenye mvutano, umepata, na ukishapata itakubidi uitetee nafasi. Karata haisemi hizo fimbo za kulia zimeshikwa na nani. Chini pale watu hawaonekani.

— Watakuwa wageni, alisema Anyitike.

— Au wenyeji, alisema Mizani.

Nikamwonyesha jambo moja la mwisho, lile nililofundishwa nisiliruke. Kwenye Fimbo Sita, mpanda farasi ana fimbo moja tu. Zile tano si zake. Ukiziondoa, haibaki Sita, anabaki mtu na farasi barabarani.

Anyitike akanywa kahawa iliyokwisha. Alisema wale watano ni watu wazima, wanajua utaratibu wa ofisi, na kiti cha mbele ni kimoja. Kanuni akamuunga mkono kwa methali ambayo nadhani ilihusu nyuki.

Kando yetu alikuwa amesimama mama mmoja, Kristiana, mkulima wa Mpui aliyekuja mjini kutafuta mbegu na sasa anasubiri bodaboda yake ijazwe mafuta. Tulimsogezea nafasi tangu mapema, akakataa kukaa. Aliinamia karata, akaweka kidole palipo na watu wa miguu.

— Samahani, wanangu. Na hawa wanaotembea, wamefurahi?

Tukainama wote. Mizani akavaa miwani. Mpanda farasi uso wake wote unaonekana. Wale wengine kuna kichwa hapa, mkono kule, na fimbo. Wameinua, hilo ni kweli. Lakini mtu anaweza kuinua fimbo kwa furaha, na anaweza kuinua kwa sababu ameambiwa ainue. Miaka yote nimeisoma karata ile, mpaka Livingstone kule Zambia, na nyuso zao sikuwahi kuziangalia.

Macho yakamwendea Anyitike, maana watano wake yeye anawajua.

— Sijawauliza, alisema.

Mama Kristiana akaitikia kama mtu aliyeambiwa mbegu zimekwisha, akaaga, akapanda bodaboda yake. Fabiani akainamisha birika, yakatoka mashapo tu.

Anyitike akaitoa simu mfukoni, akampigia dereva. Kesho, alimwambia, usije kwangu kwanza. Anza na wale watano. Gari likijaa, mimi nitapanda pikipiki.