Anayeingia Ndiye Anayeanza

Pale Kamembe, barabara inapoanza kushuka kwenda mpakani, kuna benchi moja la mbao ambalo limeshakata kesi nyingi kuliko mahakama, na kukosea karibu zote. Mwenye benchi ni Twahiru, muuza kahawa ya tangawizi, mtu wa Bugarama aliyesoma chuo cha Kurani mpaka ndevu zikamwota, na jambo hilo hakuacha lisahaulike. Wateja wake wa kila asubuhi ni watatu. Wa kwanza ni Balagizi, anayevusha sabuni kutoka Bukavu. Anaitwa Avoka, yaani wakili, kwa sababu hajawahi kukubali kosa. Wa pili ni Kubwimana, aliyefanya kazi ya saruji, huku inaitwa sima, miaka kumi na moja hadi jina likamganda: Sima. Wa tatu ni Odette, muuza vitenge, Mkristo wa kusali kwa sauti. Asubuhi hiyo ya Jumanne walikuwa wanagombana kuhusu bei ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, ghafla Speciose, msichana wa kazi za ndani, akatoka kwenye geti la pili, ng'ambo ya barabara, macho mekundu, mkononi noti iliyokunjwa ya kununulia iliki.

— Yewe, Speciose! Sura gani hiyo? — Odette aliuliza.

— Batanifukuza, Maman Odette. Leo leo.

Kila mtu alijua anafanya kazi wapi. Ile nyumba imepangwa na Bwana Harith, Mwarabu wa Omani anayenunua kahawa ya huku milimani. Mke wake, Umm Saidi, anajua Kiswahili, na kwa miezi saba walikuwa wamekaa na Speciose vizuri. Sasa jana ameingia mama mzazi wa Bwana Harith, Hajja mwenyewe, asiyejua neno la Kiswahili.

— Umevunja sahani? — Sima aliuliza.

— Sikuvunja kitu. Nilisimama tu. Nilifika mulangoni mwa salon, nikainamisha macho, nikangoja. Kwetu Nyakarenzo mutoto haanzi. Mukubwa njo anaanza kukuamkia, akupe mukono, na weye unaupokea. Nikangoja. Hajja naye akangoja. Tukangojana mupaka Umm Saidi akanivuta jikoni, ananiambia: "Mama anauliza, huyu binti ana ugomvi gani na sisi? Ameingia hata salamu hana." Hajja amesema muntu asiyemusalimia hawezi kumushikia dawa zake. Nikipeleka kahawa saa ine, nikakosa tena, bataleta mwengine.

Twahiru aliweka birika chini. Moyoni alifurahi kidogo, Mungu amsamehe, maana katika mambo yote ya dunia hili lilikuwa lake. Lakini kwenye benchi lile kujua jambo hakumpi mtu zamu ya kusema.

— Iko rahisi, — alisema Avoka. — Unasema "Bonjour, Madame", direkti. Kifaransa kinaheshimika kila kontine, kila bara.

— Acha ujinga, — Sima alimkata. — Bazee balisema, samaki mukunje angali mbichi. Maana yake ujikunje! Unaingia kwa magoti, unabusu mukeka, haunyanyuki mupaka bakuambie.

— Magoti ni ya Mungu! — Odette alisema. — Na hayo maneno ya Kiarabu, Speciose, angalia sana. Unasema mara moja, unatoka pale unaitwa Hafsa.

— Nipeni nafasi, — Twahiru alisema.

— Nilimuona Mwarabu mumoja kule Uvira, — Avoka aliendelea, — yeye kila asubuhi...

— Nipeni nafasi, ama kahawa imekwisha!

Vikombe vitatu vikatua benchini. Hicho ndicho kitisho pekee kinachofanya kazi pale.

Twahiru alimkalisha Speciose kwenye ncha ya benchi, akaanza taratibu. — Sikiliza, binti yangu. Jana haukuwa na adabu mbaya. Ulikuwa na adabu ya kwenu, yeye alikuwa na adabu ya kwao, zikapishana mulangoni. Kwao anayeingia njo anaanza. Anayetembea anaamkia aliyekaa, bachache banaamkia bengi, mudogo anaamkia mukubwa. Weye jana ulikuwa yote: unaingia, umesimama, uko peke yako, na uko mudogo. Ulikuwa na deni mara ine!

— Mana yanjye, Mungu wangu, — Speciose alisema.

— Sasa, salamu mbele ya maneno yote, na mbele ya kahawa. Usimimine kwanza. Unasimama pale, unainua uso, unasema wasikie: Asalaam alaykum. Wasiposikia unarudilia, lakini haipiti mara tatu. Hata mule ndani kukiwa muntu mumoja, unasema vilevile.

— Na bo?

— Kuanza ni sunna, kujibu ni lazima. Watakujibu kwa kitu sawa na chako ama kizuri kuzidi. Weye ukitoa fupi, bo banakuongezea: Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Amani, na rehema za Mungu, na baraka zake.

Speciose aliishika rozari iliyokuwa shingoni mwake, chini ya blauzi. Odette aliona, akakohoa kwa nguvu.

— Papa Twahiru, miye ni Mukatoliki. Nikisema hiyo, sitakuwa ninabadanganya?

Swali hilo Twahiru alilipenda, kwa sababu lilikuwa la mtu anayejiheshimu. Akamrudishia swali.

— Umm Saidi anajua Jumapili unaenda misa?

— Anajua. Ananipa ruhusa mwenyewe.

— Basi haudanganyi muntu. Unabatakia amani, haukutoa shahada. Kuna bale banaomujibu asiye Mwislamu kwa kifupi, "Wa alaykum" peke yake. Ukisikia hiyo usiumie, njo namna walivyofundishwa. Bengine banajibu yote. Na kama moyo ni muzito, iko ingine: Sabah alkheri, asubuhi ya heri. Hata Waarabu bakristo banaisema. Jibu yake ni Sabah annuri, asubuhi ya nuru.

— Hiyo ya nuru ni nzuri, — Odette alikubali, kwa shingo upande.

— Na mukono? — Speciose aliuliza. Kwao mtu huupokea mkono wa mkubwa kwa mkono wa kuume, huku ule wa kushoto ukishika kiwiko, kwa heshima.

— Bwana Harith usimunyoshee. Ataweka mukono wake kifuani. Hajakukataa, njo heshima yenyewe kwa mwanamuke asiye wa ndugu zake. Hajja akikunyoshea wake, pokea. Asiponyosha, usiutafute. Kisha uliza hali: Keifa halukum. Na kikombe unatoa kwa mukono wa kuume, unaanza na Hajja.

Walimrudisha darasani mara sita. Sima aligeuka Hajja, kitambaa cha Odette kichwani, akajibu "Wa alaykum" kwa sauti ya lori la mizigo mpaka Speciose akacheka. Akanunua iliki yake, akavuka barabara.

Saa nne geti lilikuwa wazi, na kutoka kwenye benchi baraza yote ilionekana: Hajja kwenye kiti kikubwa, Umm Saidi pembeni, Bwana Harith na simu yake. Kusikia ndiko hakukuwezekana, malori ya mpakani hayana huruma. Speciose alitokea na sinia. Alilitua kwenye meza ndogo bila kugusa birika, akainua uso. Midomo yake ikacheza.

— Amesema gani? Ile ya amani ama ile ya nuru? — Odette alinong'ona, kama vile angesikika.

Hajja aligeuza kichwa. Midomo mitatu ikajibu pamoja, tena Hajja aliendelea kusema baada ya wenzake kunyamaza. Bwana Harith akaweka mkono kifuani.

— Amemuongezea! — Twahiru alisema, akajipiga paja. — Mumeona? Amemuongezea yote!

Speciose akamimina, akatoa kikombe kwa mkono wa kuume. Hajja akapokea, akauliza kitu, Umm Saidi akafasiri. Speciose akasimama tu. Hajja akauliza tena, kwa upole, kichwa pembeni. Ndipo msichana akashika aproni, akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika.

Benchi likalipuka.

— Nilisema! — Odette alisimama. — Bamemuuliza anasilimu siku gani!

— Hapana, ni protokole, — alisema Avoka. — Kule Omani kuna salamu ya asubuhi na salamu ya msiba. Twahiru amemufundisha ya msiba. Hajja anauliza nani amekufa.

— Miye?

— Weye! Mutu wa Bugarama anajua wapi Omani?

— Nyote hamuoni, — Sima alisema polepole, macho yamemtoka. — Tazameni ile pua ya Hajja. Tazameni ya Speciose. Damu nzito kuliko maji! Huyu ni mujukuu wake.

— Sima, kutoka Nyakarenzo?

— Waarabu balipita kila mahali! Njo maana jana alikasirika, alisikia damu inamuita. Kesho tutasikia Speciose anarisi mafuta.

— Omani iko na mafuta? — Avoka aliuliza, na kwa mara ya kwanza alionekana kujali.

Twahiru hakuwasikia. Alipitia kila alichofundisha, neno kwa neno, akitafuta alipokosea, kwa maana kama Speciose anafukuzwa, anafukuzwa kwa ulimi wa Twahiru. Alipoinua macho, Hajja alikuwa anavuka barabara. Fimbo mkononi, Umm Saidi amemshika kiwiko, lori zima limesimama kumpisha.

— Asalaam alaykum, — Hajja alisema alipofika.

Avoka akajificha nyuma ya kikombe chake. Sima alianza kupiga magoti, Odette akamvuta kola. Twahiru peke yake ndiye aliyejibu, akajibu yote mpaka kwenye baraka, akampisha akae.

Hajja alikaa katikati ya benchi. Akasema maneno marefu, huku Umm Saidi akitafsiri.

— Mama anasema kwanza ahsante kwa aliyemfundisha. Msichana amesalimu kwa uso ulioinuka, na amemfurahisha. Hataki mwingine, anamtaka huyu huyu.

— Mungu mukubwa! — Odette alisema, akasahau kabisa kwamba alikuwa amekataa.

— Ila kwetu salamu haiishii mlangoni. Ukishajibu, unauliza. Wewe hujambo? Nyumbani hawajambo? Baba? Mama yako yu vipi? Alipofika kwenye mama, msichana akashindwa. Amejifungia jikoni analia, na sisi hatutaki kumlazimisha. — Umm Saidi alimtazama mama mkwe wake, akawageukia wao. — Tumeona asubuhi yote mmekaa naye hapa. Mama anauliza, nyinyi ni watu wake: mama yake ana nini?

Avoka alitazama viatu vyake. Sima alimtazama Odette, na Odette akawa anakunja kitambaa kilichokwisha kunjwa. Twahiru alihesabu. Miezi saba. Kila asubuhi Speciose akipita na kikapu, yeye anapiga kelele "Amakuru?", habari, na msichana anasema "Ni meza", yaani nzuri, na kabla hajamaliza kusema, Twahiru ameshageukia mteja mwingine. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mtu aliyejua kila salamu na jibu lake, leo ameulizwa jepesi kuliko yote.

Hajja alikuwa anamngoja, ameweka mikono miwili juu ya fimbo.

— Hatujui, Hajja, — Twahiru alisema. — Hatujapata kumuuliza.

Umm Saidi akamfasiria huku ameinamisha macho, maana yeye pia amekaa na Speciose miezi saba.