Mama Tamar Anakataa Kuku

Pale Kimemi, mbele ya atelye ya Kataliko seremala, kuna benchi ambapo watu wanakunywa kahawa na kuhukumu dunia. Asubuhi ile Mama Tamar alikaa pembeni, akisikia wakikata mambo yake kama vile hayupo. Kwenye kilio cha muzee Muyisa, siku ya kumuzika, yeye ndiye alishika masufuria. Kisha Kataliko akaja kusema hapa kwamba Tamar alificha nyama. Tangu hapo vilio vinapita na hakuna anayemuita kupika. Jana Kataliko alimutumia kuku, bila neno. Tamar akairudisha.

— Kuku ni kidogo, akasema Kitsa motari wa pikipiki, anayeitwa Injini kwa sababu mudomo wake hauzimike. Alete mbuzi!

— Mbuzi ya nini? akajibu Mathe, ule banamuita Juji na tribinali hajaikanyaga. Apige magoti toka hapa mpaka ku kanisa, na fanfare ya tarumbeta nyuma.

— Ku radio, Juji! Aombe pardon kila saa, mpaka Lubero basikie.

— Hapana, ahame! Aende kuranda mbao mu pori.

Tamar akanywa. Kwa maneno ya hawa wawili ungejenga barabara ya Beni.

Gracieuse, muchuuzi toka Beu aliyengoja gari ya kurudi, akauliza:

— Lakini bapapa, mama mwenyewe anataka nini?

Juji akajibu:

— Kataliko ni mutu muzima, anajua.

— Nani alimuambia?

Hakuna aliyemuambia, hata Tamar. Alikuwa akingoja Kataliko abahatishe mwenyewe.

Tamar akaita:

— Kataliko! Kuya.

Kataliko akatoka na vumbi ya mbao kwenye nyusi.

— Ulisema hapa nilificha nyama. Ile nyama familia ilisema niwekee bale balichimba kaburi. Sasa habaniite tena ku masufuria, na ile kazi ndiyo ilikuwa inanitoa mu nyumba. Kuku haitasaidia. Itakayosaidia: useme hapa, mbele ya bale balisikia, kwamba haikukuwa kweli. Na kesho ku kilio kwa Kahongya, uwaambie bamama banaopanga wapishi. Unaweza kukataa. Lakini ukikubali, ni ile, si kuku.

— Kama nilikukosea, Mama…

— Unajua kwamba ulinikosea.

— Nilikuwa na njaa, sahani ilinifikia ya mwisho, bila nyama…

— Ile ni habari ya tumbo yako.

Kataliko akajifuta nyusi. Akageukia benchi.

— Nilidanganya. Sikuona, nilisema tu. Nyama ilikuwa ya bachimba kaburi. Mama Tamar, nilikuharibia jina. Pardon. Kesho nitaambia bale bamama.

— Aksanti.

— Basi umenisamehe?

— Ile sikuiahidi leo. Nitaangalia.

Injini alitaka wakumbatiane, akaguna. Tamar akamugeukia Mathe.

— Na wewe, Juji? Ile bongo, uongo ya nyama, uliipeleka wapi?

— Kwa muke wangu tu.

— Na yeye?

Mathe akahesabu kimoyomoyo: dada za mukewe, korali nzima, soko. Akasimama, akaacha kahawa ikitoa moshi, akashika njia ya kwake kumuambia muke kwamba ilikuwa bongo.