Baba Yangu Hakuabudu Wafu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnisamehe nikitoa ushuhuda huu nikiwa nimeketi. Mgongo umechoshwa na mageti, na moyo nao ulichoka kitambo. Lakini nilimwahidi Mungu kwamba nitasema, na leo nasema, hata kama kuna watakaotoka hapa wakinung'unika.

Wengi mnanijua, mimi ni yule fundi wa kuchomelea vyuma pale Gitothua. Jina langu ni Ndung'u. Kwa miaka mitatu sikutaka jina hilo litamkwe mbele yangu.

Kwetu Wagikuyu, mtoto haokotewi jina. Mwana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, wa pili hupewa la baba ya mama yake, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Babu yangu aliitwa Ndung'u, baba yangu anaitwa Gathogo, nami nikawa Ndung'u tena. Ndiyo maana tangu nikiwa mdogo baba yangu hakuniita kwa jina. Aliniita "baba". Nikianguka matopeni, nilisikia, "Baba, umeumia?" Niliona ni jambo la kawaida, na sikujua ni kitu kikubwa kiasi gani mpaka nilipokipoteza.

Sasa sikieni nilivyokipoteza. Kazi ilikuwa imekauka, mke wangu Nyambura alikuwa amepoteza mimba mbili, na mimi nilikuwa mtu wa kuamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Nikapelekwa kwenye ushirika fulani wa maombi. Mtumishi wa pale akaniambia shida yangu iko kwenye damu, kwamba wazee wangu walikuwa na madhabahu, na kila jina la ukoo ni mlango wa mapepo. Nikaamini! Mtu aliyechoka huamini chochote kinachomwonyesha wa kulaumu.

Tuliambiwa tuandike kwenye karatasi majina ya wazee wetu waliokufa, vizazi vinne. Mimi nilifika viwili nikakwama. Mtumishi akasema, "Ongeza yule anayewatumikia hadi leo." Ndugu zangu, nikaandika Gathogo. Baba yangu alikuwa hai, yuko Ngoingwa anapogoa miparachichi yake, nami nikamwandika katika orodha ya wafu. Karatasi ikachomwa ndani ya karai. Nikatoka pale nikiitwa Joshua.

Kwa nini nilimwandika? Kwa sababu ya uji. Kila asubuhi, kabla hajanywa, baba yangu hutoka hadi mlangoni na kumwaga tone la uji chini. Husema polepole, "Nanyi mnywe." Halafu anakunywa chake. Na huyu ni mzee wa kanisa, hakosi Jumapili! Nilikua nikiliona tone lile kama mtu anavyoona mama yake akifunga kitambaa kichwani. Baada ya ushirika nikaanza kuliogopa.

Mungu akatupa mtoto wa kiume. Nikampigia baba simu. Alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza, "Kwa hivyo nimezaliwa?" Kwetu mzee akipewa mjukuu mwenye jina lake husema amezaliwa, maana jina lake halitazikwa naye. Nikamwambia mtoto anaitwa Shalom.

"Shalom ni jina zuri la kanisani," akasema. "Na la nyumbani?"

"La nyumbani hakuna, mzee."

Nilimwita mzee, wala si baba. Jina langu jipya alikuwa ameshalisikia, akasema, "Haya, Joshua. Msalimie mama mtoto." Tangu siku hiyo hakuniita "baba" tena. Nami nilijiambia kwamba huko ndiko kufunguliwa. Kufunguliwa gani huko, na nilikuwa nalia ndani ya choo cha ploti tuliyopanga!

Shalom alipofika miezi saba, akaanza kukohoa. Kifua kikawa kinaingia ndani akivuta pumzi. Nyambura akasema twende hospitali. Mtumishi akasema hapana, mkienda hospitali mmekiri kushindwa, huyo ni babu yake anadai jina, fungeni na kuomba. Tukafunga siku tatu. Siku ya nne Nyambura akanitazama hivi, akaanza kufunga nguo za mtoto. Mimi kwa ujinga wangu nikasema, "Ngoja nimalizie hii vita mahali ilipoanzia." Nikapanda boda hadi Ngoingwa.

Nilimkuta baba mlangoni na kikombe chake cha uji. Tone lilikuwa limeshaanguka, udongo umelowa. Nikapaza sauti hadi majirani wakatoka. Nikamwambia anaabudu mashetani, anaua mtoto wangu kwa kumwabudu Ndung'u!

Baba yangu aliniuliza swali moja. "Mtoto anaumwa?"

"Anaumwa kwa sababu yako!"

"Amepelekwa hospitali?"

Baba akaweka kikombe juu ya ukuta, akavaa koti, akachukua kofia. Tulirudi Gitothua kwa boda ile ile. Tulipofika Nyambura alikuwa tayari langoni na mtoto mgongoni. Baba akamwambia, "Mama, twende," akachukua mfuko wa nepi mwenyewe. Mimi nikafuata nyuma.

Hospitalini wakasema ni nimonia, na kwamba tumechelewa lakini hatujachelewa kabisa. Wakamwekea mtoto oksijeni, Nyambura akabaki naye ndani. Baba na mimi tukaketi nje kwenye benchi, saa sita mchana, jua linatuchoma. Nilikuwa nimechoka hata hasira ikanikataa. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Ukimwaga ule uji asubuhi, huwa unamwomba babu nini?"

Akanitazama kama aliyeulizwa kama ng'ombe hupanda miti.

"Nimwombe nini? Ndung'u alikuwa hakumbuki hata ameweka fimbo wapi. Mimi namgawia tu. Wewe ukila na mimi niko mlangoni, utanipita? Amekufa, lakini bado ni mtu wa nyumba hii. Mvua si yake kuleta, uhai si wake kutoa."

Akanieleza polepole, kama alivyonifundisha kushika jembe. Akasema alipokuwa kijana aliona wazee wakiomba mvua. Walichagua mwanakondoo wa rangi moja, asiye na kilema, wakaenda kwenye mugumo, ule mti mtakatifu. Kila mtu hakujiendea na kondoo wake, walienda wazee waliochaguliwa, kwa niaba ya nchi yote. Waliinua mikono wakielekea mlima Kirinyaga, wakamtaja Ngai, yaani Mungu, peke yake. Hakuna aliyetaja babu yake pale kama mwenye kuleta mvua. Angechekwa!

"Na ile pombe waliyomwaga wazee wa zamani?"

"Ile ilimwagwa nyumbani, kwa boma la mtu. Ndugu wakigombana, au mama akiachwa na njaa na watoto wana chakula, watu walisema waliotangulia wamekasirika. Walikasirika kama mzazi anavyokasirika. Basi mnakaa chini, mnapatana, mnawamwagia kidogo, mambo yanaisha. Sikudanganyi, kulikuwa na watu waliowaogopa sana, na wengine walitumia woga huo kula mbuzi wa wenzao. Lakini hata hao hawakusema Ndung'u aliumba jua."

Kisha akasema neno lililonivunja. Akasema mtu akiugua, kwanza walimtafutia dawa. Dawa ikishindwa, walitafuta kama kuna ugomvi nyumbani, wakapatana na walio hai na waliokufa. Na yote yakishindikana, ndipo walimwendea Ngai, maana Yeye hasumbuliwi kwa kila jambo dogo. "Na siku hiyo ya kumwendea Ngai," akasema, "nyumba yote inasimama pamoja. Walio hai na waliokufa. Ndung'u anasimama upande huu wetu, anaomba na sisi. Hasimami upande ule mwingine."

Ndugu zangu! Miaka mitatu nilifundishwa kwamba wazee wangu wameketi kwenye kiti cha Mungu, na mimi kwa mkono wangu mwenyewe ndiye niliyekuwa nimewaketisha pale. Niliwapa uwezo wa kufunga tumbo la mke wangu, wa kukausha kazi, wa kukaba kifua cha mtoto. Baba yangu aliwapa tone la uji. Sasa niambieni, kati yetu wawili ni nani aliyekuwa akiabudu wafu?

Nikamwambia baba kuhusu karatasi. Nikamwambia nilimwandika. Hakushtuka. Alivua kofia, akaiweka kwenye magoti, akauliza, "Uliandika vizuri? Gathogo na 'th'?" Nikacheka na kulia kwa wakati mmoja, watu wakatutazama.

Halafu akamuuliza askari wa pale Kirinyaga iko upande gani. Akasimama, akainua mikono, mzee mzima mbele ya watu waliopanga foleni ya dawa. Alimwomba Mungu aliyeumba, akasema, "Sisi tulio hapa, na wale waliotutangulia, na Kristo wako tuliyemjua baadaye, tunakuomba Wewe. Mwachie huyu mdogo pumzi yake." Akamaliza kwa "thaai", yaani amani. Mimi nikasema amina, na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye bandeji akasema amina pia.

Shalom alikaa wodini siku tisa. Alitoka akiwa mwembamba na mwenye hasira za njaa, sifa zimrudie Mungu! Sikurudi kwenye ule ushirika. Mimi simwagi uji, nisidanganye mtu hapa, ushirika wangu na babu naumaliza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini siogopi tena, na aliyechoka kuogopa anajua huo ni wokovu wa namna gani.

Mwezi uliopita tulimpeleka mtoto Ngoingwa. Nikatangaza mbele ya ukoo kwamba anaitwa Shalom Gathogo. Baba alisimama, akakaa, akasimama tena. Chai ikaletwa. Nikamwinamia mtoto nikasema, "Baba, njoo," na mzee naye akageuka akaitika! Watu walicheka sana. Alipoketi, alimwaga tone lake chini, akaonja chai, akakunja uso. Akaninyooshea mkono.

"Baba," akaniambia, "nipitishie sukari."

Sikuiona sukari, macho yalikuwa yamejaa.

Ndugu zangu, mtumainini Mungu aliyeumba, maana kiti chake hakuna marehemu anayekitosha, na hana wivu na tone la uji. Waheshimuni waliowazaa. Na kama kuna mtu hapa ambaye baba yake yu hai, lakini alishamwandika kwenye orodha ya wafu, asingoje sadaka ipitishwe. Asimame sasa aende kwake. Mungu hatamuuliza kwa nini alitoka ibadani mapema.